Kupima uimara wa gari kabla hujalinunua: X-Trail NT31, kuanzia kwenye daftari hadi mlima wa Marangu

Ukiuliza kijiwe chochote cha mafundi hapa Moshi kama Nissan X-Trail ni gari la kununua, utapata majibu mawili kabla hujakaa. Mmoja atasema analo mwaka wa nne sasa, anabadilisha oili na pedi za breki tu. Mwingine atasema usithubutu, gia boksi itakufia mlimani. Wote wawili wanasema kweli, ila hawazungumzii gari moja. Wa kwanza ana T30, ile ya pembe pembe ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye gia boksi ya kawaida ya otomatiki ya gia 4. Wa pili anazungumzia T31, iliyoanza mwaka 2007, ambayo zile za petroli za otomatiki kutoka Japani zinakuja na gia boksi ya CVT, isiyo na gia za hatua bali mkanda wa chuma na puli.

Shemeji yangu alikuwa anataka hiyo ya pili. Alikuwa ameona moja kwenye yadi Arusha, ya mwaka 2009, rangi ya fedha, kilomita 97,000, na dalali ameshamwambia kuna mtu mwingine anakuja na hela jioni. Huwa kuna mtu mwingine anakuja na hela jioni. Nikamwomba anipe siku 4. Kazi tuliyofanya siku hizo ndiyo ninayoieleza hapa, na unaweza kuifanya kwa gari lolote.

Anza na kibati, siyo jina la gari

Jina la nyuma ya gari halikusaidii kitu. Kinachoharibika ni injini fulani au gia boksi fulani, na jina moja linaweza kubeba injini 3 tofauti. Kwa hiyo fungua boneti, tafuta kibati cha kiwandani, kipige picha. Kwenye Nissan zilizotoka Japani, kibati hicho kwa kawaida kina namba ya chasisi, msimbo wa injini na msimbo wa gia boksi.

Kwa gari la shemeji tulisoma vitu vitatu. Chasisi inaanza na NT31, maana yake T31 inayovuta magurudumu yote 4 na yenye injini ya lita 2.0. Ingeanza na TNT31 ingekuwa ya lita 2.5, na DNT31 ni ya dizeli, ambayo haina CVT kabisa. Injini ni MR20. Gia boksi ni RE0F10A.

Huo msimbo wa mwisho ndio ufunguo wa kazi yote. RE0F10A ni jina la Nissan kwa gia boksi ambayo mtengenezaji wake, Jatco, anaiita JF011E. Gia boksi za familia hiyo hiyo zilifungwa pia kwenye Nissan Rogue ya Marekani, Mitsubishi Outlander, Renault Koleos na Jeep Patriot. Ukitafuta habari za X-Trail peke yake utapata watu wachache wa Tanzania, Kenya na Australia. Ukitafuta JF011E, unapata ushahidi wa mabara matano. Gari mkononi mwako linaweza kuwa na ndugu usiowajua, na historia yao inakuhusu.

Kusoma malalamiko ya wamiliki bila kuyumbishwa

Mtu ambaye gari lake linakwenda vizuri haandiki kitu. Anaenda zake kazini. Anayeandika usiku wa manane ni yule ambaye gari limelala barabarani Mto wa Mbu. Kwa hiyo wingi wa malalamiko, peke yake, haukuambii lolote. Gari lililouzwa kwa wingi litalalamikiwa kwa wingi. Toyota IST zinalalamikiwa kila siku kwa sababu zimejaa kila mtaa.

Unachotafuta ni umbo la malalamiko. Chukua daftari, chora safu 5: gari lipi hasa (mwaka, injini, gia boksi), kilomita ngapi, lilikuwa linafanya nini, dalili ilikuwa ipi, na kitu gani kilibadilishwa mpaka likapona. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtu akiandika "gia boksi za hizi gari ni mbovu msinunue", safu zote 5 zinabaki tupu. Usimwandike, hata akiwa na hasira kiasi gani.

Mwingine anaandika hivi: yangu ya 2008, lita 2.0, kilomita 110,000, nikipanda mlima mrefu na watu 5 baada ya dakika 20 gari linakosa nguvu, mizunguko ya injini haipandi hata nikikanyaga, nikisimama robo saa linarudi hali yake. Fundi alisafisha rejeta, akamwaga oili ya gia boksi akaweka ile inayotakiwa, halijarudia. Huyo amejaza safu zote. Mmoja kama huyo ni sawa na wapiga kelele 30.

Jihadhari na simulizi moja inayojirudia kwa midomo tofauti. Nimekuta maneno yaleyale, kilomita zilezile, yamenakiliwa kwenye makundi 3 ya WhatsApp na kila mmoja anadai ni ya binamu yake. Hiyo ni simulizi moja, iandike mara moja.

Nilipofika kama simulizi ya 20 iliyojaa, umbo lilianza kuonekana lenyewe. Injini ya MR20 ilitajwa mara chache, na kila mmoja alikuwa na tatizo lake: huyu koili, yule mauntingi, mwingine sensa. Hakukuwa na mstari. Malalamiko yaliyotawanyika namna hiyo ndiyo hali ya kawaida ya gari lililozeeka. Lakini gia boksi ilikuwa na mstari. Watu wasiojuana, wa nchi tofauti, walieleza dalili zilezile tatu: mtetemo mwendo mdogo ukiwa umekanyaga kidogo tu, mlio wa kuvuma unaopanda na kasi, na kukosa nguvu ikipata joto. Wengi wao walianza kuziona kilomita zikikaribia 100,000 au zikishazipita, na neno "joto", "mlima" au "mzigo" lilikuwa ndani ya karibu kila simulizi.

Sasa fanya kipimo ambacho watu wengi wanakiruka: linganisha na ndugu asiye na kifaa hicho. Soma malalamiko ya T30 yenye gia boksi ya kawaida, na ya T31 ya dizeli. Zile dalili tatu zinapotea. Bodi ya T31 ya dizeli ni ileile na wenye gari ni watu walewale, ila mstari umekatika. Hapo unajua tatizo linafuata gia boksi, wala siyo jina la X-Trail au madereva wake.

Kisha nenda kwa watu wasioandika. Nilipiga simu kwa muuza spea za mtumba Ilala, Dar es Salaam, nikamuuliza bei ya injini ya MR20 na bei ya gia boksi ya NT31. Injini, akasema, zipo, chagua. Gia boksi, akanyamaza kidogo, akasema niache namba atanitafuta ikiingia. Kitu kinachokufa mapema hakikai dukani, na kikiingia hakishuki bei. Simu hiyo ya dakika 2 ilikubaliana na daftari zima.

Matangazo ya kurejesha magari: yanachosema na yasichosema

Hapa watu wengi wanapotea. Kampuni inapoita magari yake yarudi kurekebishwa, yaani rikoli, msingi wake ni usalama. Ni kwamba kuna kitu kinaweza kuua au kujeruhi. Gia boksi inayokufa polepole na kukuachia deni haijui lolote kuhusu rikoli, kwa sababu kwa macho ya sheria gari lililokosa nguvu na kusimama pembeni halijaua mtu.

Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya Takata. Kilipuzi chake kilitumia amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, na mfuko ukifyatuka chuma cha kilipuzi kinapasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Duniani kote viliitwa vilipuzi vinavyokadiriwa kufikia milioni 100, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Kwenye orodha hiyo kuna Corolla, Yaris, RAV4, na pia X-Trail ya T30. Je, Corolla ni gari bovu? Hapana. Lakini Corolla yenye kilipuzi hicho ni hatari, na hayo ni maswali mawili tofauti. Usihesabu rikoli ukadhani unahesabu ubovu. Kampuni inayoita magari mara kwa mara wakati mwingine ndiyo inayojichunguza zaidi.

Kutazama rikoli za gari lako, tatizo la kwanza ni namba. Mtandao wa Marekani wa usalama barabarani unataka namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotoka Japani halina namba hiyo. Lina NT31, kistari, na tarakimu 6. Ukiliingiza litakataliwa, na wapo madalali wanaotumia jibu hilo kukuambia "umeona, gari safi, halina kesi". Nenda kwenye ukurasa wa kampuni wa Kijapani, wa kutafuta rikoli, tumia kitafsiri cha simu, na uingize namba kwenye kisanduku kilichoandikwa 車台番号. Utaonyeshwa kama gari hilo hilo linahusika, na mara nyingi kama kazi imeshafanywa.

Matokeo ya Japani yana madaraja matatu, na kuyatofautisha kuna faida. リコール ni rikoli yenyewe: gari halifikii viwango vya usalama au liko mbioni kutovifikia. 改善対策 ni hatua ya marekebisho: kuna hatari, ila kanuni haikukitaja kitu hicho waziwazi. サービスキャンペーン ni kampeni ya huduma: si suala la usalama, kampuni inaboresha ubora. Kwa anayepima uimara, daraja la tatu ndilo la kusoma kwa makini, maana hapo kampuni inakiri kwa sauti ndogo kwamba kitu fulani hakikudumu kama ilivyotarajia.

Kuna ushahidi mmoja mzito kuliko hata huo, nao hauonekani kwenye orodha yoyote ya rikoli: kampuni inapoongeza muda wa dhamana ya kifaa kimoja tu. Kuongeza dhamana ni kukubali kulipa, na hakuna anayekubali kulipa kwa sababu ya maneno ya kijiweni. Kwa magari yake ya CVT ya mwaka 2003 hadi 2010 yaliyouzwa Amerika Kaskazini, ikiwemo Rogue, Nissan iliongeza dhamana ya gia boksi kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000. Geuza ziwe kilomita: kutoka kama 96,000 hadi kama 193,000.

Ziweke namba hizo kando ya daftari. Wamiliki walisema matatizo yanaanza karibu na kilomita 100,000. Dhamana ya zamani ilikuwa inaisha 96,000, na nyongeza inafunika kuanzia hapo. Gari la shemeji lina 97,000. Yaani Mjapani wa kwanza ameitumia ile sehemu ya maisha yake isiyo na maneno, na shemeji ananunua ile sehemu nyingine. Na dhamana yenyewe haivuki bahari. Hapa kwetu ni ushahidi tu, huwezi kuidai.

Ni ubunifu, ni matunzo, au ni mlima?

Ukishajua kifaa dhaifu, uliza kinakufa kwa nini, maana jibu ndilo linakuambia kama unaweza kuishi nacho. Rudi kwenye daftari, tenga waliotunza gari na wasiotunza. Tatizo likitokea kwa wote sawa, ni la ubunifu, achana nalo. Likitokea kwa wasiotunza tu, ni la matunzo. Kwa CVT hii yote mawili yamo, na kinachoyaunganisha ni joto.

Ndani ya gia boksi hii kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili za chuma. Nguvu yote ya injini inapita kwenye msuguano wa chuma kwa chuma, na kinachofanya chuma kishike badala ya kuteleza ni oili yenyewe. Oili inayotakiwa hapa ni NS-2. Oili ya kawaida ya otomatiki haikutengenezwa kwa msuguano huo. Ukiiweka, mkanda unaanza kuteleza, unachubua puli, na chembe za chuma zinaanza kuzunguka hadi kwenye vali. Oili ikipikwa na joto mara nyingi nayo inapoteza uwezo huo. Kompyuta ikiona joto limezidi, inapunguza nguvu makusudi ili kujiokoa, na hiyo ndiyo dalili ya tatu kwenye daftari letu.

Sasa fikiria mazingira yetu. Kutoka Himo hadi lango la Marangu unapanda kutoka chini ya mita 1,000 hadi zaidi ya mita 1,800, kwa mwendo mdogo, hewa kidogo inapita kwenye rejeta, ndani kuna watu 5 na gunia la ndizi. Kuanzia Mto wa Mbu kwenda Karatu ni hivyo hivyo. Gari lililotumika tambarare za Japani halijawahi kuulizwa swali hilo. Mtu wa Dar anayekuambia lake halina shida anasema kweli ya Dar.

Kugeuza daftari kuwa kipimo cha barabarani

Utafiti wote huu una faida moja: unajua uguse wapi. Fundi asiyejua atakagua kila kitu juu juu. Wewe unakwenda na dalili tatu na saa mbili.

Anza gari likiwa baridi. Hakikisha halijawashwa, weka mkono kwenye boneti ukifika, likiwa na uvuguvugu uliza kwa nini. Endesha kati ya kilomita 30 na 60 kwa saa, umekanyaga kidogo sana, redio imezimwa. Mtetemo kama unapita juu ya matuta madogo ambayo hayapo ni dalili ya kwanza. Kisha panda mlima kwa angalau dakika 25 bila kupumzika, mmejaa. Juu kabisa, gari likiwa la moto, simama, toka D kwenda R na kurudi, mara 3. Gia ikichelewa kushika sekunde kadhaa, au ikishika kwa kishindo, andika. Ukishuka, sikiliza ule mlio wa kuvuma.

Baada ya hapo ndipo mashine ya kompyuta. Usiridhike na "hakuna msimbo wa kosa", kwa sababu misimbo hufutwa getini. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia kabisa kwenye mfumo wa CVT ya Nissan, afungue kipengele kinachoandikwa:

```
CONFORM CVTF DETERIORTN
```

Hapo itatokea namba. Kompyuta ya gia boksi inahesabu uchakavu wa oili, na namba inapanda kadiri oili inavyopata joto na kazi. Mwongozo wa mafundi wa Nissan unasema ikizidi 210000, oili ibadilishwe. Mwenye akili ya haraka ameshaona udhaifu: namba hiyo inaweza kurudishwa sifuri kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo usiisome peke yake. Chomoa kijiti cha oili ya gia boksi, pangusa kwenye karatasi nyeupe, inusa, ulinganishe na namba.

Gari la fedha tulilipandisha Marangu kutoka Himo, tukiwa wanne. Halikukosa nguvu, na mtetemo haukuwepo, shemeji akaanza kutabasamu. Tukarudi hadi kwa fundi mmoja Moshi mjini. Mashine ikatoa namba ndogo mno, chini ya 2000. Shemeji akasema, "Si umeona kaka, hata haijachoka." Fundi hakujibu, alichomoa kijiti akakipangusa kwenye karatasi. Ilitoka oili ya kahawia iliyoiva, yenye harufu ya kitu kilichoungua sufuriani.

Namba changa na oili kongwe haviwezi kukaa gari moja. Kuna mtu alifuta hesabu bila kubadilisha oili, au alimimina oili isiyo yake na kuiita huduma. Hatukumtafuta ni nani. Fundi alisema angefungua sampu, bakuli la oili la chini ya gia boksi, angeona zaidi: kwenye sumaku zake, tope laini la kijivu ni kawaida, lakini vipande vinavyometa ni mkanda au puli vinaliwa. Mwenye yadi alikataa lifunguliwe. Kukataa huko nako tukakiandika daftarini.

Wiki ya tatu tulipata NT31 nyingine, Arusha, Njiro, kwa mwalimu aliyekuwa analitumia mwenyewe. Kilomita 121,000, nyingi kuliko la kwanza. Namba ilikuwa 83000 na kitu, oili imechoka kidogo lakini haina harufu ya kuungua, na mwalimu alikuwa na risiti ya NS-2 aliyoweka miaka 2 nyuma. Mlimani lilipanda bila neno. Kwenye bei tulikata gharama ya kumwaga oili mara mbili, kwa sababu ukimwaga mara moja karibu nusu inabaki ndani, na gharama ya kuzibua rejeta iliyojaa vumbi la Njiro. Mwalimu alibisha kidogo kuhusu rejeta, kisha akainama, akamulika na simu, akakaa kimya.